Kukusanya na Kufupisha Arifa za Simu: Kazi ya Mashine na Kazi ya Mfasiri

1. Utangulizi

Mfasiri anayekabidhiwa maneno ya programu ya simu aghalabu hupewa orodha ndefu ya vipande vya sentensi, bila kuonyeshwa mahali vitakapotokea. Miongoni mwa vipande hivyo huwamo vile vya muhtasari wa arifa, yaani maneno mafupi ambayo simu huyaonyesha badala ya kumwaga mbele ya mwenyewe kila habari iliyoingia. Vipande hivi ni vifupi kuliko vingine vyote, na pengine kwa sababu hiyo hufasiriwa kwa haraka. Lakini ndivyo vinavyosomwa mara nyingi zaidi kwa siku, na ndivyo ambavyo kosa dogo la upatanisho au la mpangilio huweza kumfanya msomaji asijue nani amemwita.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi arifa zinavyokusanywa na kufupishwa katika simu, kisha yaonyeshe ni wapi mfumo wa ngeli za Kiswahili unapogusana na kazi hiyo. Tutaishughulikia zaidi mifumo ya simu za Android, na kuzitaja kwa ufupi zile za iPhone. Hoja yetu ni moja: muhtasari ni sentensi inayotungwa na mashine kwa kuunganisha tarakimu na jina, na mfasiri asiyejua mashine hiyo inahesabu nini hawezi kuiandika ipasavyo.

2. Maneno tutakayoyatumia

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno machache.

Arifa ni tangazo fupi ambalo programu hulipeleka kwenye skrini ili kumjulisha mwenye simu jambo lililotokea wakati hajaifungua programu hiyo. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika simu zenyewe, nasi tunalifuata.

Kundi la arifa ni arifa kadhaa za programu moja zilizofungwa pamoja na kuonyeshwa kama kitu kimoja kinachoweza kufunuliwa. Kila arifa iliyomo ndani tutaiita arifa ya ndani.

Ufunguo wa kundi ni jina la siri ambalo programu huzipa arifa zake ili mfumo ujue zipi ziende pamoja. Msomaji wa simu halioni jina hili.

Muhtasari wa kundi ni arifa ya ziada inayosimama kwa niaba ya zote zilizomo.

Mkondo wa arifa ni namna au jamii ya arifa, mathalani “ujumbe wa watu binafsi” au “matangazo ya punguzo la bei”, ambayo mwenye simu anaweza kuinyamazisha bila kuzigusa nyingine. Mikondo ilianza kutumika katika Android 8.0, iliyotoka mwaka 2017.

3. Mambo matatu yanayochanganywa

Watu wengi husema kwamba simu “imezikusanya” arifa, hali mambo yaliyofanyika ni matatu tofauti. Kuyatenganisha ndiko kuielewa shughuli yote.

La kwanza ni kubadilisha. Kila arifa hubeba namba yake ya utambulisho. Programu ikituma arifa mpya yenye namba ileile, ile ya zamani huondoka na mpya hukaa mahali pake. Tuchukue programu ya duka. Mteja ameagiza kitenge. Asubuhi duka linasema agizo limepokelewa. Mchana, mzigo umeondoka. Jioni, mzigo umefika. Habari hizi tatu hazistahili kukusanywa. Jioni mteja hana haja tena ya kuambiwa kwamba agizo limepokelewa, kwa kuwa habari ya tatu imeifuta ya kwanza. Hapa programu ipaswa kutumia namba moja ya utambulisho kwa agizo moja, na arifa ibadilike maneno tu. Programu inayotoa namba mpya kila mara itamwachia mteja mistari mitatu, miwili ikiwa ya uongo.

La pili ni kukusanya. Hapa habari zote bado ni za kweli na bado zinahitajika, lakini ni nyingi. Mteja yuleyule ana maagizo matatu, kila moja na safari yake. Arifa tatu hizo hupewa ufunguo mmoja wa kundi, nazo hufungwa pamoja. Akitaka, mteja hulifunua kundi akaona kila agizo peke yake.

La tatu ni kufupisha, yaani kuandika sentensi moja inayosema kiini cha kundi zima. Hapa ndipo mfasiri anapoingia.

Katika Android, uwezo wa kufungua na kufunga kundi kwenye skrini ya simu ulikuja na toleo la 7.0 mwaka 2016. Tangu toleo hilo, hata programu isiyojishughulisha kupanga arifa zake hupangiwa: zikifikia nne au zaidi bila ufunguo wowote, mfumo wenyewe huzifunga pamoja. Simu zilizobaki na matoleo ya kabla ya hapo haziwezi kufunua kundi. Zenyewe huonyesha muhtasari peke yake na kuzificha arifa za ndani. Kwa hiyo, katika simu hizo za zamani, sentensi ya muhtasari ndiyo habari yote anayoipata mtu.

4. Mfano: mwalimu darasani

Tuone sasa kwa mfano jinsi uamuzi wa kupanga unavyoweza kumficha mtu jambo la maana.

Mwalimu anaingia darasani saa 2:00 asubuhi, simu yake ikiwa kimya mfukoni, na kutoka saa 4:00. Katika saa hizo mbili, programu yake ya mazungumzo imepokea ujumbe 22. Kati ya hizo, 17 zimetoka katika mazungumzo ya Kamati ya Harusi, ambako wajumbe wanabishana juu ya bei ya ukumbi. Nne zimetoka kwa walimu wenzake. Mmoja umetoka kwa mtu aliyehifadhiwa katika simu kwa jina la Mama Mdogo, nao uliingia saa 3:10: “Mtoto ana homa kali, tunakwenda zahanati.” Baada ya huo, wajumbe wa kamati waliendelea kuandika hadi saa 4:00.

Namna ya kwanza ya kupanga ni kuufanya kila ujumbe kuwa arifa moja na kuuachia mfumo uzifunge zote. Mwalimu atakuta kundi moja. Kundi lililofungwa huonyesha mistari michache tu ya arifa za ndani, na zilizosalia hutajwa kwa hesabu. Mistari itakayoonekana ni ile ya karibuni, yaani ya bei ya ukumbi. Maneno ya Mama Mdogo yamezama chini. Skrini haikufurika, ni kweli, lakini jambo pekee lililohitaji jibu limefichwa na kazi ileile iliyokusudiwa kumsaidia mwalimu.

Namna ya pili ni kuyafanya mazungumzo, wala si ujumbe, kuwa ndiyo arifa. Kila mazungumzo hupewa namba yake ya utambulisho. Ujumbe mpya ukiingia, arifa ya mazungumzo hayo hubadilishwa na kuongezewa mstari. Ujumbe 17 za harusi sasa ni arifa moja. Mazungumzo matatu ni arifa tatu, nazo zote hupewa ufunguo mmoja wa kundi. Kisha programu huzipanga arifa za ndani kwa ufunguo wa mpangilio, mazungumzo ya watu wawili yakitangulia yale ya halaiki. Saa 4:00 mwalimu anaitazama simu na mstari wa kwanza ni wa Mama Mdogo. Tangu Android 11, ya mwaka 2020, mwenye simu mwenyewe pia aweza kuyateua mazungumzo fulani kuwa ya kipaumbele, yakae juu ya mengine.

Kwa msomaji atakayekutana na maagizo ya mtayarishaji programu, sehemu inayohusika na muhtasari huwa na mistari ya namna hii:

```kotlin
.setGroup("mazungumzo")
.setGroupSummary(true)
.setGroupAlertBehavior(
    NotificationCompat.GROUP_ALERT_CHILDREN)
```

Mstari wa kwanza ni ufunguo wa kundi. Wa pili unasema kwamba arifa hii ndiyo muhtasari. Wa tatu unaamua nani apige kelele: muhtasari unyamaze, arifa za ndani zilie kwa kadiri ya mikondo yao. Kwa hiyo mwalimu aweza kuunyamazisha mkondo wa halaiki na bado asikie mlio wa Mama Mdogo. Kama mtayarishaji angaliandika `GROUP_ALERT_SUMMARY`, mambo yangekuwa kinyume: arifa za ndani zote zingenyamaza na muhtasari peke yake ungelia. Dalili ya kwamba jambo hili halikuamuliwa ni simu inayolia mara mbili kwa ujumbe mmoja, mara kwa ajili ya ujumbe na mara kwa ajili ya muhtasari.

Iko dalili nyingine inayofaa kujulikana. Mtu husoma ujumbe wote ndani ya programu, arifa za ndani zikaondolewa, lakini juu ya skrini ukabaki mstari mmoja unaosema kwamba kuna ujumbe 5. Akiugusa, haoni kitu. Huo ni muhtasari yatima: programu iliziondoa arifa za ndani ikasahau kuuondoa muhtasari wenyewe. Hapa kosa si la mfasiri, ingawa mara nyingi yeye ndiye hulaumiwa kwamba maneno yake “si ya kweli”.

5. Sentensi ya muhtasari katika Kiswahili

Tarakimu haina ngeli. Tukiandika “3”, hatujui kama ni “watatu” au “tatu”. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba Kiswahili ni chepesi kwa mashine: weka tarakimu, weka jina, mambo yamekwisha. Ugumu hauko katika tarakimu bali katika maneno yaliyo kando yake.

Tuanze na neno “bidhaa”. Katika umoja na wingi neno ni lilelile, na mfasiri mwenye haraka huona hakuna haja ya sentensi mbili. Lakini kitenzi hubadilika: bidhaa moja imefika, bidhaa tatu zimefika. Sasa tulinganishe na “mzigo”: mzigo mmoja umefika, mizigo mitatu imefika. Tazama kwamba “imefika” ni umoja kwa bidhaa na ni wingi kwa mizigo. Mtayarishaji programu asiyejua Kiswahili akitunga sentensi kwa kuunganisha vipande vitatu, jina, tarakimu na kitenzi, na akamwomba mfasiri ampe neno moja tu la kitenzi hicho, hakuna jibu sahihi ambalo mfasiri anaweza kumpa. Hapana budi arudishiwe sentensi nzima.

Mifumo ya simu inayo njia ya kulitimiza hilo. Kanuni za wingi zinazotumika katika programu za kompyuta zinakipa Kiswahili mafungu mawili: fungu la moja, na fungu la idadi nyingine zote, sifuri ikiwamo. Kiarabu, kwa kulinganisha, kina mafungu sita. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hupewa nafasi mbili, naye azijaze zote mbili kwa sentensi kamili:

```xml
<plurals name="bidhaa_zilizofika">
  <item quantity="one">Bidhaa %d imefika</item>
  <item quantity="other">Bidhaa %d zimefika</item>
</plurals>
```

Alama `%d` ndipo tarakimu itakapowekwa na mashine. Mfasiri ana ruhusa ya kuihamisha kokote ndani ya sentensi, nayo ikae baada ya jina kama lugha yetu itakavyo. Akiikuta mwanzoni, hana sababu ya kuandika “3 bidhaa zimefika”.

Neno “ujumbe” lina taabu yake. Wako wanaoandika “jumbe 5”, na wako wanaolichukulia kuwa neno lisilo na wingi na kuandika “ujumbe 5”, kama tulivyofanya katika makala haya. Lililo muhimu ni kwamba programu moja ishike njia moja, wala isiseme “jumbe 5” katika muhtasari na “ujumbe 5” katika arifa ya ndani. Mfasiri anayetaka kuikwepa taabu hii anaweza kuandika bila kitenzi, “Ujumbe mpya: 5”, na umbo hilo likafaa kwa umoja na kwa wingi.

Tatizo la pili ni neno la “wengine”. Muhtasari mwingi huwa na umbo la kutaja jina moja na kuhesabu yaliyobaki. Katika mfano wetu mashine ingeandika “Mama Mdogo na wengine 2”. Lakini hao wawili si watu. Ni Kamati ya Harusi na mazungumzo ya walimu. Tukihesabu watu walioandika, huenda ni kumi na zaidi. Hapa upatanisho wa ngeli unamlazimisha mfasiri aulize swali ambalo mtayarishaji hakulijibu: kinachohesabiwa ni nini? Kama ni watu, ni “wengine”. Kama ni mazungumzo au maagizo, ni “mengine”. Kama ni bidhaa au arifa, ni “nyingine”. Na ikiwa kimoja tu kimebaki, maneno hubadilika tena: “mwingine 1”, “agizo jingine 1”. Njia salama ni kulitaja jina la kitu chenyewe: “Mama Mdogo na mazungumzo mengine 2”.

Tatizo la tatu ni “kutoka kwa”. Twasema ujumbe umetoka kwa Mama Mdogo, lakini “kutoka kwa Kamati ya Harusi” na “katika Kamati ya Harusi” si kitu kimoja, na mashine haijui kama jina ililopewa ni la mtu au la halaiki. Hapa nukta mbili humwokoa mfasiri: “Kamati ya Harusi: ujumbe 17”. Umbo hili halihitaji kujua jina ni la nani, na lina faida ya pili. Mstari wa muhtasari ni mwembamba, na ukizidi urefu simu huukata mwisho na kuweka nukta tatu. Sentensi kama “Una ujumbe 17 ambao bado hujausoma kutoka kwa Kamati ya Harusi” itakatwa kabla jina halijafika, na jina ndilo lililomwezesha mwalimu kuamua kama ataitazama simu au ataiacha mpaka jioni. Basi jina litangulie, hesabu ifuate, maelezo yaje mwisho kama nafasi ipo.

6. Muhtasari wa namna nyingine

Katika simu za iPhone, kukusanya arifa kwa makundi kulianza na iOS 12 mwaka 2018. Huko pia programu hutoa utambulisho wa uzi wa mazungumzo, nao hufanya kazi ya ufunguo wa kundi; programu isipoutoa, arifa zake zote hurundikwa pamoja. Mwaka 2021, katika iOS 15, uliongezwa muhtasari wa saa maalumu: mwenye simu huchagua programu na saa, mathalani saa 2:00 asubuhi na saa 12:00 jioni, na arifa zisizo za haraka huzuiliwa hadi wakati huo zikaja pamoja.

Mfasiri aangalie kwamba neno “muhtasari” hapa limebeba maana nyingine. Katika Android tulisema ni arifa inayosimamia kundi la programu moja. Hapa ni mkusanyo wa programu mbalimbali unaoletwa kwa wakati. Tungependekeza la kwanza liitwe “muhtasari wa kundi” na la pili “muhtasari wa saa”, ili mtu anayesoma maelekezo ya simu mbili asidhani kwamba anaelezwa kitu kimoja. Kwa punguzo la bei la dukani, muhtasari wa saa unafaa sana. Kwa maneno ya Mama Mdogo, haufai hata kidogo.

7. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mfasiri anayepokea vipande vya muhtasari wa arifa angefanya vyema kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika. Kwanza, tarakimu hii inahesabu nini: ujumbe, mazungumzo, watu, au bidhaa? Pili, jina litakalowekwa hapa ni la mtu, la halaiki, au laweza kuwa lolote? Tatu, nimepewa sentensi nzima katika umoja na wingi, au nimepewa vipande? Jibu la swali la tatu likiwa ni vipande, kazi irudishwe kwa aliyeileta, pamoja na mfano wa bidhaa na mizigo hapo juu. Mfano huo mmoja watosha kumwonyesha mtayarishaji asiyejua lugha yetu kwa nini neno “imefika” peke yake haliwezi kufasiriwa.